Mpango wa ukurasa mmoja kwa anayefanya foreksi kabla ya kwenda kazini

Mwenye kazi ya mshahara hapa Tanga ana tatizo ambalo mafunzo mengi ya foreksi hayaligusi. Soko linachangamka kuanzia mchana hadi usiku, saa ambazo yeye yuko darasani, bandarini au kaunta ya ofisi. Akifuata mbinu ya chati za dakika tano, atakuwa anachungulia simu chini ya meza, na uamuzi wa chini ya meza ndio unaounguza akaunti. Kwa hiyo mpango wake hauanzi na mbinu. Unaanza na saa: ni wakati gani wa siku ana dakika kumi na tano tulivu, kila siku, bila kukosa?

Tuchukue mwalimu wa sekondari anayeishi Chumbageni. Anaamka alfajiri, na hadi saa moja na nusu awe shuleni. Ana akaunti ya dola 1,000 kwenye MetaTrader 5, fedha ambazo hazikutengwa kwa kodi wala ada ya mtoto. Tutamwandikia ukurasa mmoja wa jozi moja tu, EURUSD, kwenye chati ya siku, na tutaupitisha kwenye biashara moja tangu oda inawekwa hadi inafungwa. Bei za mfano huu ni za kubuni, ila hesabu ni zilezile atakazozipiga kwenye akaunti halisi.

Saa ya kusoma chati

Siku ya soko la fedha za kigeni hufungwa saa kumi na moja jioni kwa saa za New York. Kwetu hiyo ni saa sita usiku kati ya Machi na Novemba, Wamarekani wakiwa wamesogeza saa zao mbele, na saa saba usiku miezi mingine. Mabroka wengi wamepanga saa ya seva yao ili mshumaa wa siku ufungwe wakati huohuo, na ukifungua MetaTrader miezi ya Machi hadi Novemba utakuta saa ya seva inalingana na saa ya ukutani Tanga. Kama broka wako hafanyi hivyo, utaona kimshumaa kifupi cha Jumapili kwenye chati, na wiki itakuwa na mishumaa sita badala ya mitano. Hilo si jambo dogo. Kanuni za ukurasa huu zinahesabu siku, na kimshumaa cha Jumapili kinavuruga hesabu zote.

Mwalimu wetu hana haja ya kukesha hadi mshumaa ufungwe. Tena saa sita usiku ni saa mbaya: benki zinabadilisha siku, wanunuzi na wauzaji ni wachache, na spredi, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza, hutanuka mara kadhaa ya kawaida kwa dakika kadhaa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mshumaa wa jana umeshatulia na spredi imerudi mahali pake. Hiyo ndiyo saa ya kazi, na inaandikwa mstari wa kwanza wa ukurasa: Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, dakika 15.

Ijumaa imeachwa kwa makusudi. Oda iliyowekwa Ijumaa inaweza kuingia jioni, kisha soko likafungwa na biashara changa ikakaa wikiendi nzima bila mtu kuweza kuigusa. Pia taarifa ya ajira ya Marekani kwa kawaida hutolewa Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu kwa saa zetu, na bei huruka pande zote mbili kwa dakika chache. Kwa kuiacha Ijumaa unaziba matundu mawili kwa kanuni moja.

Kuna siku nyingine za kutoweka oda mpya: siku ya takwimu za mfumuko wa bei wa Marekani, siku ya uamuzi wa riba wa Benki Kuu ya Marekani, na siku ya uamuzi wa Benki Kuu ya Ulaya. Ya kwanza huja mara moja kwa mwezi, hizo mbili za benki kuu mara nane kwa mwaka kila moja. Kalenda ya MetaTrader yenyewe inazionyesha. Treda wa muda wote anaweza kufuta oda dakika tano kabla ya tangazo. Mwalimu aliye mbele ya kidato cha tatu hawezi, basi asiweke.

Kuingia

Kanuni ya kuingia lazima iandikwe hivi kwamba watu wawili wakiisoma mbele ya chati moja wanaweka oda ileile. "Nanunua soko likiwa na nguvu" si kanuni. Kwa upande wa kununua, ukurasa wetu unasema hivi.

Kwanza mwelekeo. Kwenye chati ya siku weka Moving Average yenye Period 50, Method ikiwa Simple, Apply to ikiwa Close. Bei ya kufunga ya jana iwe juu ya mstari huo, na mstari wenyewe leo uwe juu kuliko ulivyokuwa mishumaa kumi iliyopita. Sharti moja likikosekana, hakuna kununua.

Pili, soko liwe limepumzika. Siku mbili mfululizo zilizopita, kila moja iwe imefunga chini ya siku iliyoitangulia. Tunataka kununua baada ya kushuka kidogo ndani ya kupanda kwa muda mrefu, kwa sababu hapo umbali wa kutokea ukikosea huwa mfupi kuliko ukirukia mshumaa ambao umeshakimbia.

Tatu, soko lithibitishe lenyewe. Hatununui kwa bei iliyopo alfajiri. Tunaweka Buy Stop juu ya kilele cha mshumaa wa jana: kilele, jumlisha pipsi 5, pipsi moja ikiwa 0.0001 ya bei, jumlisha spredi. Soko likirudi juu mchana, oda inaingia yenyewe wakati mwalimu anasahihisha madaftari. Likiendelea kushuka, oda haiguswi.

Spredi inaongezwa kwa sababu ambayo wengi huigundua baada ya kulalamika kwamba broka kawaibia. Chati ya MetaTrader huchora bei ya Bid, ile ya kuuzia. Lakini Buy Stop huamshwa na Ask, bei ya kununulia, ambayo iko juu kidogo. Usipoongeza spredi, oda yako itaingia kabla chati haijafika mahali ulipokusudia. Kwa upande wa kuuza kinyume chake ndicho chenye madhara: Stop Loss ya biashara ya kuuza huamshwa na Ask, hivyo ile spredi pana ya saa sita usiku inaweza kuigonga bila chati kuonyesha kwamba bei ilifika. Kwenye Stop Loss ya kuuza, basi, spredi nayo inaongezwa, na ukiiongeza kwa ukarimu hujakosea. Mengine yote ya kuuza ni haya haya yakigeuzwa juu chini.

Muda wa oda nao ni sehemu ya kanuni. Sehemu ya Expiration chagua Today. Oda itajifuta siku ya seva ikiisha, na kesho yake alfajiri unasoma chati upya kana kwamba ya jana haikuwapo. Oda za GTC, yaani zisizojifuta hadi uzifute mwenyewe, zilizosahauliwa, zikaingia wiki mbili baadaye wakati mwelekeo umeshageuka, ni chanzo cha hasara ambacho mtu hata hakumbuki alikitega lini.

Jumatatu huleta usumbufu wa aina yake. Soko linafunguka usiku wa kuamkia Jumatatu, na wakati mwingine bei inaruka pengo. Ukikuta bei imeshapita mahali pa oda yako, MetaTrader itaikataa Buy Stop na kuandika Invalid price. Wengi hapo hubonyeza Buy kwa hasira. Ukurasa useme wazi: ikikataliwa, leo hakuna biashara.

Kutoka

Mahali pa kutokea panaamuliwa kabla ya kuingia, na kuna milango mitatu tu.

Mlango wa hasara ni Stop Loss, pipsi 5 chini ya shimo la mshumaa wa jana. Inawekwa pamoja na oda, katika dirisha lilelile, si baadaye. Ikishakubaliwa inakaa kwenye seva ya broka, na umeme ukikatika Chumbageni au bando likiisha itafanya kazi vilevile. Trailing Stop ya MetaTrader haiko hivyo: inaendeshwa na programu iliyo kwenye kompyuta yako, na ukizima kompyuta nayo inalala. Kwa mtu anayeshinda kazini, kuitegemea hiyo ni kutega bila mtego, kwa hiyo ukurasa huu hauitumii.

Mlango wa faida ni Take Profit, mara mbili ya umbali wa Stop Loss. Umbali wa kuingia hadi Stop Loss tutauita R. Hasara kamili ni R moja, faida kamili ni R mbili. Kwa uwiano huo unahitaji kupatia biashara moja katika tatu ili usipate wala usikose, kabla ya gharama. Hesabu hiyo huishi au hufa kwa ukubwa wa umbali. Kama R ni pipsi 63, spredi ya pipsi 1 ni sehemu ndogo mno ya R. Kama R ni pipsi 10, kama ilivyo kwa wengi wa chati za dakika tano, spredi ileile inakula asilimia 10 ya R kila unapobonyeza, na sasa inabidi upatie zaidi ya theluthi moja ili ubaki ulipo. Chati ya siku ina faida hii hata kwa mtu mwenye muda wa kutosha.

Mlango wa tatu ni muda. Biashara iliyofikisha mishumaa kumi bila kugonga Stop Loss wala Take Profit inafungwa alfajiri inayofuata, iwe na faida au hasara. Sababu iliyotuingiza ilikuwa kwamba soko limepumzika na linaendelea. Wiki mbili zikipita halijaendelea, sababu hiyo imekwisha.

Muda una gharama nyingine pia. Kila usiku biashara ikilala wazi, broka hutoza au hulipa swap, riba ya tofauti kati ya sarafu mbili. Usiku wa Jumatano kwenye EURUSD hutozwa mara tatu, kwa sababu malipo ya soko hili hukamilika siku mbili za kazi mbele na hapo wikiendi inaingizwa kwenye hesabu. Wengi wetu huku pwani, ili kuepuka riba, huchagua akaunti isiyo na swap. Yasomwe masharti kabla ya kuutumia ukurasa huu, kwa sababu baadhi ya mabroka huondoa swap kisha huanza kutoza ada ya usimamizi biashara ikipita idadi fulani ya siku, na mlango wetu wa muda uko siku ya kumi. Kama ada inaanza siku ya sita, andika sita badala ya kumi. Kama ada hiyo yenyewe ni riba kwa jina jingine, hilo aulizwe mwenye elimu ya dini, si broka.

Kiasi

Sehemu hii ndiyo inayotenganisha waliobaki na walioondoka. Mamlaka ya Ulaya ya Dhamana na Masoko, ESMA, ilipozuia mikopo mikubwa ya mabroka mwaka 2018, ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo wa bidhaa za aina hii hupoteza fedha. Kanuni ya kuingia iwe nzuri namna gani, ukubwa mbaya utaimaliza akaunti kwanza.

Kosa la kawaida ni kuanza na loti: "mimi hufungua 0.10." Loti haichaguliwi. Inatokana na mambo mawili ambayo tayari yameandikwa, yaani umbali wa Stop Loss na asilimia ya akaunti unayokubali kupoteza. Tumekubali asilimia 1. Loti moja ya EURUSD ni euro 100,000, na pipsi moja ya loti hiyo ni dola 10. Kwa akaunti ya dola hesabu ni hii:

```
loti = (akaunti x 0.01) / (umbali wa Stop Loss kwa pipsi x 10)
```

Jibu linapunguzwa chini hadi sehemu ya mia, kwa sababu 0.01 ndiyo loti ndogo kabisa kwenye akaunti ya kawaida. Halipandishwi juu hata siku moja.

Sasa tumrudie mwalimu. Ni Jumanne alfajiri. Mishumaa mitatu iliyopita imefunga 1.0884, 1.0857 na 1.0829, hivyo siku mbili mfululizo zimeshuka. Wastani wa siku 50 uko 1.0768, na mishumaa kumi iliyopita ulikuwa 1.0741. Bei iko juu ya mstari, na mstari unapanda. Mshumaa wa Jumatatu ulikuwa na kilele 1.0862 na shimo 1.0810. Spredi ni pipsi 1. Kalenda haina tangazo kubwa.

Buy Stop ni 1.0862 na pipsi 6, yaani 1.0868. Stop Loss ni 1.0810 kutoa pipsi 5, yaani 1.0805. Umbali ni pipsi 63. Take Profit ni pipsi 126 juu ya kuingia, yaani 1.0994. Asilimia 1 ya dola 1,000 ni dola 10. Gawanya kwa 630, unapata 0.0159, na ukipunguza chini unabaki na loti 0.01. Hasara ikitokea ni dola 6.30.

Angalia kilichotokea hapo. Alikubali kupoteza dola 10, lakini anahatarisha 6.30, kwa sababu 0.02 ingekuwa dola 12.60 na hiyo inavuka kanuni. Akaunti ndogo haina chenji. Kwa dola 1,000 na kanuni ya asilimia 1, umbali wowote unaozidi pipsi 100 hauna loti inayoutosha, na jibu sahihi ni kuiacha biashara. Kwa dola 500 hata hii ya pipsi 63 haifanyiki: jibu ni 0.0079. Hapa ndipo mwenye akaunti ndogo hujiambia kwamba asilimia 2 si mbaya, mwezi ujao 5. Aliye na dola 200 ana njia moja ya kweli ya kuufuata ukurasa huu, akaunti ya senti, ambayo hupima loti kwa sehemu ya mia ya ile ya kawaida. Faida itakuwa ya vocha, kweli, lakini kanuni zitapimwa sawasawa.

Simu yenyewe itamshawishi vinginevyo. Kwa mkopo wa 1:500, loti 0.01 kwa bei hii inashikilia dhamana ya dola 2.17 hivi tu, na Free Margin itaonyesha karibu dola elfu moja zimelala. Mtu anaona nafasi ya kufungua nusu loti. Nusu loti kwa pipsi 63 ni hasara ya dola 315, karibu theluthi ya akaunti, katika siku moja ambayo haikuwa na jambo lolote la ajabu. Free Margin inaeleza broka atakuruhusu nini. Haielezi lolote kuhusu unachoweza kubeba.

Na kwa nini asilimia 1, si 10? Mfumo unaopatia biashara 40 katika 100 kwa faida ya R mbili ni mfumo mzuri. Mfumo huohuo, ndani ya biashara 50, una uwezekano mkubwa wa kupitia hasara tano mfululizo angalau mara moja. Hasara tano za asilimia 1 zinakuacha na asilimia 95 ya akaunti. Tano za asilimia 10 zinakuacha na 59, na ili urudi ulipokuwa unahitaji faida ya karibu asilimia 69. Mfumo haukubadilika, ukubwa ndio uliobadilika.

Stop Loss nayo si ukuta. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya 1.20 kwa euro dhidi ya faranga yake, na oda za Stop Loss zilijazwa mbali sana na zilipoandikwa, kwa sababu katikati hapakuwa na mnunuzi. Akaunti nyingine ziliingia deni. EURUSD ina wanunuzi wengi zaidi, lakini pengo la wikiendi linafanya jambo lilelile kwa kipimo kidogo. Ndiyo maana ukurasa una mstari huu pia: biashara moja wazi kwa wakati mmoja, na jumla ya hasara ya R nne ndani ya mwezi inafunga dirisha la oda hadi tarehe mosi.

Ilivyokwenda

Jumanne jioni oda ya mwalimu inaingia kwa 1.0869, pipsi moja juu ya alipoomba. Hilo ni la kawaida kwa Buy Stop: ikiamshwa hujazwa kwa bei inayopatikana. R yake halisi sasa ni pipsi 64, dola 6.40, na hiyo ndiyo itakayoandikwa daftarini. Stop Loss na Take Profit hazisogezwi.

Siku ya saba bei inafika 1.0975, pipsi 19 tu kabla ya lengo, kisha inarudi nyuma. Mtu anayetazama simu mchana angefunga kwa faida ya pipsi mia na ushee, na angejiona mjanja. Mwalimu haoni hadi alfajiri. Mshumaa wa kumi unafungwa Jumatatu ya wiki ya tatu, na Jumanne alfajiri anafunga kwa mkono, 1.0931. Faida ni pipsi 62, dola 6.20, kabla ya swap. Kwa kipimo cha R ni +0.97.

Je, angefunga pale juu? Biashara moja haiwezi kujibu swali hilo. Linawekwa pembeni hadi kuwe na biashara za kutosha kulijibu.

Jumamosi

Soko limefungwa, hakuna bei inayosogea, na ndiyo siku pekee mtu anaweza kusoma daftari lake bila kutamani kulibadilisha. Nusu saa inatosha. Daftari la shule lenye mistari linafaa kuliko programu yoyote, kwa sababu lazima uandike kwa mkono.

Kwa kila biashara andika tarehe, bei ya oda, bei iliyojazwa, Stop Loss, mlango uliotokea, matokeo kwa R, na neno moja: ilifuatwa au haikufuatwa. Haikufuatwa maana yake ni kitu chochote nje ya ukurasa, hata kama kilileta faida. Kufunga mapema ni haikufuatwa. Kununua baada ya Invalid price ni haikufuatwa. Ongeza pia alfajiri ambazo masharti yalitimia na oda haikuwekwa, kwa sababu usingizi nao una matokeo kwa R.

Fedha za kuweka na kutoa hazichanganywi humo. Ukitoa dola 50 kwenda kwenye simu na makato yakachukua sehemu, hiyo si hasara ya biashara, na ukiisoma kama hasara utaanza kurekebisha kanuni ambazo hazina kosa. Kinachobadilika ni salio, na salio jipya la Jumamosi ndilo linaloingia kwenye hesabu ya loti kwa wiki nzima inayofuata, ili lisipigwe upya kila baada ya hasara au ushindi.

Kisha jumlisha R katika mafungu mawili. Tuseme baada ya biashara 20, zile 14 zilizofuatwa zina jumla ya +3R, na zile 6 ambazo hazikufuatwa zina −5R. Akaunti imepungua kwa R mbili, na mwenye haraka atasema mbinu haifai, atafute nyingine. Daftari linasema kitu kingine kabisa: mbinu inalipa, na mikono ndiyo inayotoa. Dawa ya hapo si kubadilisha wastani wa siku 50 kuwa 34. Ni kuzisoma zile sita na kuona kama zina asili moja. Mara nyingi huwa nayo, na mara nyingi ni saa: zote zilifunguliwa mchana, kwenye simu, siku ambayo alfajiri hapakuwa na oda. Basi programu ya MetaTrader inaondolewa kwenye simu na kubaki kwenye kompyuta ya nyumbani.

Yakiwa kinyume, yale yaliyofuatwa yako chini ya sifuri, bado kuna subira ya kuifanya. Jozi moja kwenye chati ya siku hutoa nafasi chache, na hasara nne katika biashara sita hazithibitishi chochote. Ukurasa haubadilishwi kabla ya biashara 30 zilizofuatwa. Anayeona hiyo ni mbali mno arudishe chati nyuma miaka mitatu, afunike upande wa kulia kwa karatasi, na asogeze mshumaa mmoja mmoja huku akiandika kila oda ambayo ukurasa ungeitoa. Ni kazi ya jioni kadhaa, na inachosha. Lakini itamwonyesha hasara tano mfululizo kabla hazijamfika kwa fedha zake.

Zikifika 30, kanuni moja inaweza kubadilishwa, moja tu. Lile swali la kufunga pale juu linaweza kujibiwa sasa: pitia biashara zote zilizofuatwa na uhesabu matokeo yangekuwa R ngapi kama lengo lingekuwa R moja na nusu badala ya mbili. Zipitie zote, zikiwemo zile zilizofika mbili, maana hizo zingepoteza nusu R kila moja. Kama jumla mpya inazidi ya zamani kwa R moja tu, tofauti hiyo inaweza kuletwa na biashara moja, na ukurasa unaachwa ulivyo. Kama inazidi kwa mbali, andika ukurasa mpya wenye tarehe ya siku hiyo juu, bandika ule wa zamani nyuma ya daftari, na uanze kuhesabu biashara 30 nyingine kutoka sifuri.